Mgonjwa asiye na homa: kotisoli mbele ya muuguzi

Wadogo zangu wanafunzi wa uuguzi, na walimu wenzangu mliokaa nyuma, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumze juu ya kotisoli na kazi zake katika sukari, kinga na mifupa. Mmeshaisoma darasani, na najua wengi mmeikariri kama orodha ya dalili: uso wa mviringo, tumbo kubwa, ngozi nyembamba, na kadhalika. Leo nataka tuiweke orodha hiyo pembeni, tumfuate mgonjwa mmoja kitandani kwake. Mgonjwa huyu nimemuunganisha kutoka kwa wagonjwa kadhaa niliowahudumia, ili asitambulike mtu yeyote. Yaliyompata ndiyo mtakayokutana nayo wodini.

Ni mama wa miaka 54. Ana baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo vya vidole na kumfanya mtu ashindwe kufunga kanga yake asubuhi. Miezi 8 kabla ya kulazwa aliandikiwa prednisoloni miligramu 30 kwa siku, apunguze kidogo kidogo kisha arudi kliniki. Ndani ya siku 3 maumivu yakaisha. Akapika, akafua, akaenda msibani akakaa chini na wenzake. Mtu aliyepona hivyo haoni sababu ya kupunguza dawa, kwa hiyo aliendelea kuinunua duka la dawa kwa dozi ileile. Siku aliyoletwa kwetu alikuwa na maumivu ya mgongo yaliyoanza alipoinua ndoo ya maji, uchovu, na kikohozi ambacho yeye mwenyewe hakukitaja mpaka tulipomuuliza.

Kabla hatujamgusa, tuelewane kuhusu dozi. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo hutengeneza kotisoli kiasi cha miligramu 10 hadi 20 kwa siku mwili ukiwa umetulia. Nyingi hutoka alfajiri kuelekea saa 2 asubuhi, kisha hupungua mchana kutwa hadi kufikia chini kabisa karibu na saa 6 usiku. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani, mwenye nguvu zaidi: miligramu 5 za prednisoloni ni sawa na miligramu 20 za kotisoli. Piga hesabu ya mama yetu. Miligramu 30 ni sawa na kotisoli miligramu 120. Kwa miezi 8 mwili wake uliishi kama mtu aliyekimbizwa na simba kila siku, bila siku ya kupumzika.

Mfano wa simba si wa kupamba maneno. Kotisoli ni homoni ya dharura. Kazi yake ni kuhakikisha ubongo na moyo havikosi sukari wakati hakuna nafasi ya kula, na ili kuipata sukari hiyo huchukua akiba popote ilipo. Ikikaa kwa saa chache ni mwokozi. Ikikaa kwa miezi, inakula nyumba ili iwashe jiko.

Sasa tufuate inavyochukua. Kwenye misuli, kotisoli huvunja protini ziwe asidi amino, nazo husafirishwa hadi kwenye ini. Ini, kwa amri ya kotisoli hiyohiyo, huzigeuza asidi amino hizo kuwa glukosi mpya. Wakati huohuo misuli na mafuta huambiwa yasiisikilize insulini, kwa hiyo sukari haiingii kwenye seli zake kama kawaida, inabaki kwenye damu. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini zaidi. Insulini nyingi ikikutana na kotisoli nyingi, mafuta hujikusanya tumboni, usoni na nyuma ya shingo, huku mikono na mapaja yakikonda kwa sababu misuli yake imeliwa. Ndiyo maana mama yetu alipanda kutoka kilo 58 hadi 66, majirani wakamsifu kwamba amenawiri, lakini hakuweza kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Mwambieni mgonjwa afumbate mikono kifuani, kisha ainuke. Jaribio hilo halina gharama, na litawaonyesha misuli ya mapaja ambayo mizani imeificha.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa mitaani vya kunenepesha vina deksamethasoni ndani yake, na baadhi ya mkorogo wa kung'arisha ngozi una krimu kali za jamii hiyohiyo. Anayetumia hatawaambia kwamba anatumia steroidi, kwa sababu hajui. Muulizeni anapaka nini na anameza nini, kwa sauti ya upole, na mwombeni alete kopo au karatasi ya vidonge.

Turudi kwa sukari ya mama. Asubuhi ya kwanza, kabla hajala, glukomita ilisoma milimoli 5.4 kwa lita. Mwuguzi wa zamu aliandika vizuri, na faili likasema mgonjwa hana kisukari. Kipimo kilikuwa sahihi, ila saa yake haikuwa sahihi. Prednisoloni inayomezwa saa 2 asubuhi hufikia kilele cha kupandisha sukari mchana na jioni, kisha nguvu yake hupungua usiku, na alfajiri sukari inakuwa imerudi karibu na kawaida. Anayepima asubuhi tu anakutana na sukari ikiwa imelala. Siku iliyofuata mwanafunzi mmoja alipima saa 11 jioni, kabla ya chakula cha usiku, akapata 14.8. Mgonjwa wa prednisoloni ya asubuhi apimwe baada ya chakula cha mchana au kabla ya chakula cha jioni, hata kama kila asubuhi yuko sawa.

Na saa hiyohiyo ndiyo inayoamua matibabu. Daktari akiandika insulini ya NPH kwa ajili ya sukari ya namna hii, mara nyingi ataiandika asubuhi pamoja na prednisoloni, kwa sababu mbio zake zinalingana: zote zina nguvu mchana. Ukiona imeandikwa usiku, uliza kabla hujachoma. Insulini hiyo itafanya kazi usiku wakati prednisoloni imechoka, na mgonjwa ataamka akitokwa na jasho, sukari ikiwa chini. Vilevile siku dozi ya prednisoloni inapopunguzwa, dozi ya insulini lazima iangaliwe siku hiyohiyo, maana iliyokuwa ikipandisha sukari imepungua na inayoishusha haijaguswa.

Nimekaa sana kwenye sukari kwa sababu inatufundisha tabia ya kotisoli. Inaumiza, halafu inaficha alama ya maumivu. Mkiishika tabia hiyo, sehemu ya kinga mtaielewa kwa haraka.

Joto la mama lilikuwa nyuzi 37.1. Mapigo ya moyo 104, anapumua mara 24 kwa dakika. Nani kati yenu angeandika "hali imetulia, hana homa"? Nimeona ikiandikwa mara nyingi, na nami nimeiandika nilipokuwa kijana kazini. Tujiulize homa hutoka wapi. Seli za kinga zikikutana na kijidudu hutoa vijumbe vya kemikali vinavyokwenda hadi kwenye ubongo kuuambia upandishe joto. Kotisoli huingia ndani ya seli, hujishikiza kwenye kipokezi chake, nacho huenda hadi kwenye kiini cha seli na kufunga mlango wa jeni zinazotengeneza vijumbe hivyo. Seli imekiona kijidudu, lakini barua haikuandikwa. Ubongo haukupata habari, kipimajoto kikabaki 37.1. Lakini moyo na mapafu vilishajua, ndiyo maana 104 na 24. Kwa mgonjwa wa steroidi, chati ya joto pekee haitoshi: tazama mapigo, tazama upumuaji, tazama kama amebadilika akili au hamu ya kula. Na tumbo pia. Utumbo unaweza kutoboka na tumbo likabaki laini mkononi mwako, kwa sababu ukakamavu wa tumbo nao ni kazi ya uvimbe ambao dawa imeuzima.

Majibu ya damu yakaja: seli nyeupe 14,200 kwa kila maikrolita, nyutrofili asilimia 85, eosinofili hakuna. Hapa kuna mtego mwingine. Kwa kawaida sehemu kubwa ya nyutrofili hujibanza kwenye kuta za mishipa ya damu, zikisubiri kuvuka kwenda palipoumia. Kotisoli huziachisha kuta. Zinamwagika katikati ya mkondo wa damu, na mashine inazihesabu zote. Ni kama askari wote wa kituo wametolewa barabarani: ukipita unawaona wengi kuliko jana, lakini hakuna anayeingia kwenye nyumba iliyovamiwa. Kwa hiyo seli nyeupe kupanda kwa mgonjwa wa steroidi si lazima iwe maambukizi, na wakati huohuo uwezo wa kupambana na maambukizi umeshuka. Namba moja inaweza kukudanganya pande zote mbili. Limfosaiti na eosinofili, zenyewe, hupungua kweli kwenye damu.

Limfosaiti ndizo zilizomponza mama yetu. Wengi katika nchi zetu wamebeba vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala ndani ya mapafu, vimezungukwa na ukuta wa seli za kinga. Ukuta ule si saruji. Unasimama kwa sababu limfosaiti na makrofaji zinaongea kila siku kwa vijumbe vyao. Zinyamazishe kwa miezi, ukuta unalegea. Hatari huanza kuhesabiwa kwa mtu anayetumia prednisoloni miligramu 15 au zaidi kwa siku kwa mwezi mmoja au zaidi. Mama alikuwa na mara 2 ya dozi hiyo kwa miezi 8. Kikohozi chake kilikuwa kidogo, bila jasho la usiku linalosimuliwa vitabuni, na uzito wake ulikuwa umepanda badala ya kushuka. Kila dalili tunayoitegemea kukishuku kifua kikuu ilikuwa imefunikwa. Tulipopiga picha ya kifua, sehemu ya juu ya pafu la kulia ilikuwa na kivuli. Makohozi yalipopimwa yalikutwa na kifua kikuu.

Kuna mgeni mwingine ambaye lazima nimtaje, kwa sababu huua. Mnyoo unaoitwa strongiloidesi huingia kupitia ngozi ya miguu na unaweza kukaa kwenye utumbo wa mtu kwa miaka mingi bila kelele. Chini ya steroidi, hasa dozi kubwa, huzaliana bila kizuizi na kusambaa hadi kwenye mapafu, ukibeba bakteria wa utumbo njiani. Eosinofili, ambazo ndizo zingetuonyesha kwamba kuna mnyoo, zimeshatolewa na dawa hiyohiyo. Mtu aliyekulia mahali pa kutembea peku kwenye udongo wenye unyevu, anayekaribia kuanza dozi kubwa, astahili kupimwa au kupewa ivermektini mapema. Mkumbusheni daktari.

Sasa mgongo. Mwanafunzi yuleyule aliyepima sukari ya jioni alimpima mama urefu, nikafurahi sana, kwa sababu urefu wa watu wazima hatuupimi. Kadi ya zamani ya kliniki ilisema sentimita 158. Alipata 154. Picha ya mgongo kwa ubavu ilionyesha pingili ya 12 ya kifua imebonyea upande wa mbele, kama kipande cha mkate kilichokaliwa.

Mfupa haulali. Kila siku kuna seli zinazobomoa mfupa mkongwe na seli zinazojenga mpya nyuma yake, kama mafundi wanaofuatana kwenye ukuta mmoja. Kotisoli ikizidi, wajenzi hupungua kuzaliwa na hufa mapema, na wabomoaji huishi muda mrefu kuliko kawaida. Shimo linachimbwa, wa kulijaza hayupo. Juu ya hilo, utumbo hunyonya kalsiamu kidogo zaidi na figo huimwaga nyingi kwenye mkojo. Kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kama mama yetu, ulinzi wa estrojeni nao haupo.

Kwa nini uti wa mgongo, na si mfupa wa paja katikati? Kwa sababu ndani ya pingili mfupa ni wa sponji, wenye kuta nyembamba nyingi, na kazi ya kubomoa na kujenga hufanyika juu ya kuta hizo. Penye uso mwingi, hasara ni ya haraka. Na ni haraka kweli: mfupa hupotea kwa kasi kubwa zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Tukisubiri mwaka uishe ndipo tumshauri mgonjwa juu ya mifupa, tumeshachelewa. Mazungumzo hayo ni ya siku ile anapokabidhiwa vidonge vya kwanza vya tiba itakayozidi miezi 3. Kalsiamu ya jumla, pamoja na ile ya chakula, ifike miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Wenye dagaa wanaoliwa na mifupa yake, maziwa na mtindi wana sehemu yake tayari. Vitamini D iongezwe, na wenye hatari kubwa daktari huwapa dawa kama alendroneti. Hii humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na mgonjwa abaki wima nusu saa. Akirudi kulala, kidonge kinaweza kuunguza umio. Pingili nyingi hubonyea bila maumivu yoyote, ndiyo maana nasisitiza kipimo cha urefu. Na mgonjwa wa steroidi akilalamika maumivu ya kinena yasiyoisha, hasa akikanyaga, asipewe dawa ya maumivu na kuachwa aende. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu.

Nisije nikawafanya muichukie dawa hii. Mwezi Septemba 1948, huko Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench wa Kliniki ya Mayo alimchoma mwanamke mwenye baridi yabisi sindano ya kotisoni, ndugu mwingine wa kotisoli, miligramu 100 kwa siku. Mwanamke aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani alitembea baada ya siku chache. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Wakati huo madaktari walikuwa wanaanza kuona nyuso za mviringo na mifupa iliyovunjika kwa wagonjwa waliokuwa wakiwashangilia. Dozi ile ni sawa na prednisoloni miligramu 20. Mama yetu alikuwa juu yake, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Nimalizie kilichotokea baadaye, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi. Mama alianzishiwa dawa za kifua kikuu. Tayari kulikuwa na mpango wa kushusha prednisoloni, uliopangwa kabla majibu ya makohozi hayajatoka: kutoka 30 hadi 20, kisha 10 baada ya wiki 2. Hakuna aliyerudi kuutazama mpango ule. Akaruhusiwa nyumbani akiwa na karatasi zote mbili mkononi.

Kwenye dawa za kifua kikuu kuna rifampisini. Rifampisini huchochea ini livunje dawa nyingi kwa kasi, na prednisoloni ni mojawapo. Kasi hiyo hupanda kwa siku hadi wiki 2 hivi. Kwa hiyo siku mama anameza miligramu 10, mwili wake ulikuwa unapata sehemu ndogo tu ya hizo. Tezi zake mwenyewe, zilizokaa miezi 8 bila kuitwa, zilikuwa zimesinyaa na haziwezi kuamka kwa siku mbili tatu. Na alikuwa na maambukizi, wakati ambapo mwili wa kawaida ungeongeza kotisoli mara kadhaa.

Wiki ya 3 alirudi akitapika. Presha 80 kwa 50, mapigo 118, sukari 3.2, anaitikia kwa shida. Wa kwanza kumpokea alidhani ni ini limechokozwa na dawa za kifua kikuu, na ilikuwa dhana ya haki, kwa sababu dawa hizo hutapisha na huweza kuumiza ini. Lakini tazameni namba zile mkizijua tabia za kotisoli. Sukari iliyokuwa 14.8 sasa ni 3.2, maana ini halipati tena amri ya kutengeneza glukosi. Presha imeanguka kwa sababu mishipa ya damu huhitaji kotisoli ili iitikie adrenalini. Mgonjwa wa steroidi za muda mrefu mwenye presha chini, sukari chini na kutapika ana upungufu wa kotisoli mpaka ithibitishwe vinginevyo, na tiba haingojei majibu ya maabara. Damu ya vipimo ilichukuliwa, kisha akachomwa haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa, glukosi ikafuata, dripu ya chumvi lita 1 ikakimbizwa ndani ya saa ya kwanza. Haidrokotisoni ikaendelea miligramu 50 kila baada ya saa 6.

Ilipofika saa 4 usiku presha ilikuwa 110 kwa 70, na mama aliomba uji. Joto lake, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, lilikuwa nyuzi 38.4 alipofika mapokezi. Zile siku chache za kotisoli kidogo zilikuwa zimeiachia kinga iandike barua yake. Prednisoloni ilirudishwa kwa vidonge alipoacha kutapika, dozi ikapandishwa kufidia rifampisini, na kwenye jalada la kadi yake, kwa wino mwekundu, iliandikwa tarehe atakayomaliza rifampisini. Siku hiyo ini litapunguza kasi, na dozi itabidi ianze kushushwa tena, safari hii na mtu anayeifuatilia.